Chawa wa Kichwani: Kwa Nini Kuchana Mara Moja Hakutoshi

Wanachuo wenzangu, ukirudi likizo ukakuta mtoto anajikuna kichwa usiku kucha, usikimbilie kusema ni mchafu. Chawa wa kichwani haruki wala hapai. Anatembea tu kutoka unywele hadi unywele. Kwetu Namswea, kwenye baridi ya milima ya Mbinga, watoto watatu hulala chini ya blanketi moja, vichwa vimegusana. Hiyo ndiyo njia yake, hata kama wameoga.

Likizo iliyopita dada alinionyesha bintiye wa darasa la tatu. Alikuwa amemchana vizuri, lakini baada ya wiki moja mtoto akalalamika, "Mjomba, bado kunawasha." Sababu ni mayai. Chawa hulibandika yai kwenye unywele karibu kabisa na ngozi, na kitana hakiling'oi kirahisi. Huanguliwa baada ya siku 7 hadi 10. Mba ukiigusa inateleza, yai halisogei.

Basi tulipanga kuchana siku ya 1, ya 5, ya 9 na ya 13, ili kila anayeanguliwa akamatwe kabla hajakua na kutaga. Tulifumua misuko, tukaosha nywele, tukapaka kondishena nyingi ili kitana kipite. Tukagawa nywele mafungu madogo, tukachana kila fungu kwa kitana cha meno ya karibu, kuanzia kwenye ngozi hadi nchani, na kukifuta kwenye kitambaa cheupe kila mara. Siku ya 1 tulihesabu chawa 11. Ya 5, wanne wadogo. Ya 9, mmoja. Ya 13, hakuna. Siku ya 17 tulikagua tena, kweupe. Kama siku ya 13 ungemkuta hata mmoja, ungeendelea. Ukikuta mkubwa baada ya siku kadhaa, jua ametoka kichwa kingine.

Anayetaka dawa atafute losheni ya pemethrini ya asilimia 1: inakaa dakika 10 kwenye nywele zenye unyevu, kisha inasuuzwa. Haiui mayai yote, hivyo hurudiwa siku ya 9. Mafuta ya taa na dawa ya kunyunyizia kahawa, hapana kabisa: ya kwanza hushika moto, ya pili ni sumu inayopenya ngozini. Kunyoa nako kunamaliza kazi, mtoto akikubali.

Nyumbani, kagua vichwa vyote siku hiyohiyo, na watibu kwa pamoja wote wenye chawa hai. Akiwa nje ya kichwa, chawa hufa ndani ya siku 2 hivi, kwa hiyo huna haja ya kupiga dawa chumba. Foronya, kofia na mitandio ya siku mbili zilizopita ifue kwa maji ya moto. Kitana kiloweke kwenye maji ya moto sana kwa dakika 10, na kila mtoto awe na chanuo lake.