Kidonge Kisicho na Dawa kwa Mama Mjamzito

Februari 1994, jaribio la dawa lililoitwa ACTG 076, lililokuwa likiendeshwa Marekani na Ufaransa, lilisimamishwa kabla ya muda wake. Wajawazito wenye VVU walikuwa wamegawanywa kwa kura katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa AZT, na jingine likapewa plasebo, yaani kidonge kinachofanana na dawa kwa kila hali ila ndani hakina dawa. Katika kundi la plasebo, asilimia 25.5 ya watoto waliambukizwa. Katika kundi la AZT, ni asilimia 8.3. Tofauti kubwa kiasi hicho haikuruhusu mtu yeyote aendelee kumnyima mama dawa, na tangu hapo wajawazito wa nchi tajiri wakaanza kupewa AZT.

Tatizo lilikuwa namna dawa hiyo ilivyotolewa. Mama alimeza vidonge mara tano kwa siku kwa majuma mengi ya ujauzito, akawekewa dripu ya AZT wakati wa uchungu, kisha mtoto akapewa dawa ya maji kwa majuma 6. Gharama ya dawa ilikadiriwa kuwa dola 800 hivi kwa mama na mtoto. Isitoshe, akina mama wa jaribio lile hawakunyonyesha. Katika kliniki za Kampala au Dar es Salaam, ambako wengi walianza kuhudhuria wakiwa na mimba kubwa na karibu wote walinyonyesha, utaratibu ule haukutekelezeka. Kilichohitajika ni tiba fupi na ya bei nafuu. Hapo ndipo swali gumu lilipozuka: hiyo tiba fupi ilinganishwe na nini?

Juni 1994, wataalamu waliokutana Geneva chini ya Shirika la Afya Duniani walipendekeza ilinganishwe na plasebo. Miaka mitatu baadaye, madaktari wawili wa Marekani, Peter Lurie na Sidney Wolfe, waliandika katika jarida la New England Journal of Medicine kwamba wamehesabu majaribio 15 katika nchi maskini ambamo baadhi ya akina mama, au wote, hawakupewa dawa yoyote ya kupunguza makali ya VVU. Walisema watoto wangeambukizwa na kufa ilhali njia ya kuwakinga ilikwisha kujulikana. Watetezi wa majaribio hayo walijibu kwamba wanawake wale hawakunyang'anywa kitu, kwa sababu katika nchi zao hakukuwa na AZT ya kuwapa hata kama utafiti usingekuwapo.

Jibu hilo halinitoshi hata kidogo. Dawa haikukosekana kwa sababu ya hali ya hewa wala kwa maumbile ya wagonjwa. Ilikosekana kwa sababu ya bei, na bei hupangwa na watu. Mtafiti anayefika na fedha za kuendeshea maabara, magari na mishahara hawezi kuuchukua umaskini wa mwenyeji wake na kuufanya kipimo cha huduma anayodaiwa mshiriki.

Lakini watetezi walikuwa na hoja ya pili, na hiyo ina uzito. Kiwango cha maambukizi bila dawa hakilingani kila mahali. Hubadilika kulingana na wingi wa virusi mwilini mwa mama, namna anavyojifungua, na kama ananyonyesha. Ukikosa kundi la plasebo, utalazimika kulinganisha matokeo yako na takwimu za mahali pengine, na hapo unaweza kudanganyika vibaya sana.

Jaribio la PETRA, lililofanyika Tanzania, Uganda na Afrika Kusini, linaonyesha jambo hilo waziwazi. Lilipima AZT pamoja na lamivudini kwa namna tatu. Kundi A lilianza dawa katika juma la 36 la ujauzito, likaendelea wakati wa uchungu na kwa siku 7 baada ya kujifungua. Kundi B lilianza wakati wa uchungu, likaendelea kwa siku hizo 7. Kundi C lilipewa dawa wakati wa uchungu tu. Kundi la nne lilipata plasebo. Watoto walipofikisha majuma 6, maambukizi yalikuwa asilimia 5.7 katika A, 8.9 katika B na 14.2 katika C. Sasa chukua ile 14.2 uiweke kando ya asilimia 25.5 ya Marekani: utatangaza kwamba dawa ya wakati wa uchungu peke yake imepunguza maambukizi karibu kwa nusu. Wizara ingeweza kuinunua na kuisambaza nchi nzima. Lakini katika kundi la plasebo la PETRA lenyewe, maambukizi yalikuwa asilimia 15.3. Kundi C halikupata faida ya maana. Ni wanawake wa kundi la plasebo waliotuwezesha kulijua hilo, na watoto wao ndio waliolipa.

Je, hakukuwa na njia nyingine? Ilikuwapo. Huko Thailand, Marc Lallemant na wenzake waliwapa wanawake wote 1,437 AZT, wakalinganisha muda mrefu na muda mfupi. Katika tathmini ya kwanza, maambukizi yalikuwa asilimia 10.5 kwa waliopewa muda mfupi kwa mama na kwa mtoto, dhidi ya 4.1 kwa muda mrefu. Kundi la muda mfupi likafungwa papo hapo. Kampala nako, jaribio la HIVNET 012 lilianza likiwa na kundi la plasebo, likalifuta mapema, kisha likalinganisha nevirapini, kidonge kimoja kwa mama na dozi moja kwa mtoto, na AZT ya muda mfupi. Watoto walipofikisha majuma 14 hadi 16, maambukizi yalikuwa asilimia 13.1 kwa nevirapini na 25.1 kwa AZT.

Angalia mantiki yake. Hata kama ile AZT fupi ingekuwa haina nguvu zaidi ya plasebo, nevirapini imeishinda, kwa hiyo nevirapini inafanya kazi. Dawa moja inapoishinda nyingine waziwazi, plasebo haihitajiki. Hatari iko pale zinapotoka sare, kwa maana huwezi kujua kama zote mbili zimefaulu au zote zimeshindwa. Kwa hiyo mjumbe wa kamati ya maadili anayeletewa andiko la utafiti lenye plasebo amuulize mtafiti: unatarajia ushindi au sare? Akijibu ushindi, na kuna tiba nyingine ya kulinganisha nayo, sababu ya plasebo imeondoka.

Kwa tiba fupi za mwaka 1994, nakubali kwamba swali moja halikuwa na jibu bila plasebo: je, AZT ya majuma machache inakinga chochote? Jibu lilitoka Februari 1998 katika jaribio jingine, la Bangkok, lililokuwa na kundi la plasebo. Vidonge vilivyoanza katika juma la 36 vilishusha maambukizi kutoka asilimia 18.9 hadi 9.4. Mara moja, plasebo ikasimamishwa PETRA pia. Na hapa ndipo ninapowalaumu waliopanga mpango mzima. Wanawake wa Bangkok hawakunyonyesha, na kunyonyesha kulikuwa miongoni mwa sababu zilizotolewa za kutaka plasebo Afrika. Hata hivyo matokeo yao yalitosha kuiondoa plasebo Dar es Salaam na Kampala. Kama jaribio moja lilitosha, lingeanza hilo moja, lenye wanawake wachache iwezekanavyo na tathmini za mara kwa mara, na mengine yakasubiri jibu lake ndipo yapangwe kulinganisha dawa na dawa. Badala yake, makundi ya plasebo yaliendeshwa kwa wakati mmoja katika nchi kadhaa, kila moja likitafuta jibu lile lile.