Kipande cha Chini cha Barua

Saa tatu usiku, vyombo vimeshaoshwa, ndipo mtoto anakumbuka: "Mama, tumeambiwa tupeleke elfu ishirini na tano za stadi tua." Mama anauliza wanakwenda wapi, lini, na kwa gari gani. Mtoto hajui. Anachojua ni kwamba asiyetoa haendi.

Hapo mzazi ana njia mbili tu, kutoa au kugombana na mtoto. Hajapewa nafasi ya kufikiri, kwa sababu hakuna alichoelezwa. Barua ya ziara huandikwa ili kuziba pengo hilo. Walimu wengi huiandika kama risiti ya kukusanyia fedha na saini, ilhali kazi yake kubwa hufanywa na kipande cha chini, kile kinachokatwa na kurudishwa shuleni. Shule inahitaji habari ambazo mzazi peke yake ndiye anazo, na kipande hicho ndicho kinachozileta.

Tuchukue mfano wa kubuni. Shule ya msingi jijini Dar es Salaam ina wanafunzi 50 wa Darasa la Tano, na walimu wanataka kuwapeleka Kaole, kiasi cha kilomita 5 kusini mwa mji wa Bagamoyo. Kaole kuna magofu ya msikiti wa karne ya 13 uliojengwa kwa mawe ya matumbawe, pamoja na makaburi ya kale. Ni safari ya kwenda na kurudi siku moja, hakuna kulala. Barua yao ingekuwa hivi:

*Mzazi/Mlezi wa ........................ Darasa la Tano*

*YAH: MAOMBI YA RUHUSA NA MCHANGO WA ZIARA YA MASOMO, KAOLE, BAGAMOYO*

*Tunaomba ruhusa yako ili mwanao aende Kaole siku ya Jumamosi, tarehe ......... Wanafunzi wataona msikiti na makaburi waliyosoma darasani, watapima kuta, watachora ramani ya eneo na kuandika taarifa watakaporudi.*

*Tutaondoka shuleni saa 1:00 asubuhi na kurudi saa 11:00 jioni. Tutatumia Kosta mbili za kukodi, kila moja ikiwa na viti 28 vya abiria. Kila mtu atakuwa na kiti chake. Hakuna kupakatana wala kusimama. Watu wazima sita watafuatana na watoto. Watano watasimamia kundi la watoto kumi kila mmoja, na wa sita atakuwa kiongozi wa msafara. Hakuna kuogelea baharini wala kupanda kuta za magofu.*

*Mchango ni shilingi 25,000. Mchanganuo umeambatishwa. Mchango ni wa hiari. Mzazi mwenye ugumu aonane na mwalimu wa darasa faragha. Ikiwa fedha hazitatosha kulipia magari yote mawili hadi tarehe ........., ziara itaahirishwa na kila mzazi atarudishiwa fedha zake.*

*Tafadhali jaza kipande cha chini na kukirudisha kabla ya tarehe ........., hata kama hukubali mwanao aende.*

Barua hii haizidi ukurasa mmoja, lakini kila sentensi ina sababu yake. Tuanze na fedha, kwa maana ndiko hatari ya barabarani inakoanzia.

Mchanganuo wa shule yetu ya mfano uko hivi. Kukodi Kosta mbili ni shilingi 700,000. Viingilio na malipo ya mwongozaji ni 102,000. Chakula na maji kwa watu 58, madereva wakiwemo, ni 290,000. Dawa za huduma ya kwanza na nakala za karatasi ni 38,000. Akiba ya dharura ni 70,000. Jumla ni 1,200,000. Bei hizi ni za mfano tu. Shule huuliza bei halisi kabla ya kuandika. Ukigawa jumla hiyo kwa watoto 50 unapata 24,000 kila mmoja, lakini kamati imeigawa kwa 48 ikapata 25,000. Watoto wawili ambao wazazi wao hawana uwezo wameshapata nafasi tangu mwanzo, bila jina lao kutajwa mbele ya wenzao.

Sasa tuseme wamelipa watoto 40 tu. Zimepatikana shilingi 1,000,000. Chakula, maji na viingilio vya watoto kumi vimepungua, kama 60,000 hivi, lakini kodi ya magari haikupungua hata senti. Gharama imebaki 1,140,000, na pengo ni 140,000. Hapo ndipo mtu mwenye nia njema kabisa husema, "Tuchukue Kosta moja, watoto ni wadogo, watapakatana." Ataokoa 350,000, na ataingiza watu 46 kwenye viti 28. Watu 18 watakuwa wamesimama, wamebanana mlangoni au wamekaa mapajani mwa wenzao. Gari likifunga breki ghafla, hao hawana cha kushikilia.

Ndiyo maana barua yetu inataja idadi ya viti, na ndiyo maana inasema mapema kwamba fedha zikipungua ziara itaahirishwa. Sentensi hizo mbili zinamfunga mwalimu mkuu mkono kabla kishawishi hakijafika. Mzazi anayesimama getini asubuhi anaweza kuhesabu magari kwa macho, na akiona moja badala ya mawili, ana haki ya kumshusha mwanawe.

Wazazi wa Tanzania wana sababu ya kuuliza habari za gari. Tarehe 6 Mei 2017, basi dogo la shule moja ya Arusha liliacha barabara na kutumbukia korongoni wilayani Karatu. Watoto walikuwa wanakwenda kufanya mtihani katika shule nyingine. Walifariki wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Watoto watatu ndio waliopona. Ilikuwa safari ya mchana kwa shughuli ya kawaida ya shule.

Kwa hiyo kabla barua haijatoka, shule huwa imeshaliona gari lenyewe na kuongea na dereva. Huangalia leseni ya dereva, bima, matairi na mikanda. Gari likiwa ni daladala, leseni yake ni ya njia fulani. Kutoka nje ya njia hiyo kwa kukodiwa kunahitaji kibali cha LATRA. Mwenye gari akisema kibali si lazima, tafuta mwingine. Saa za safari nazo hupangwa kwa makusudi. Kurudi saa 11:00 jioni kunaacha muda wa mwanga iwapo kutatokea pancha au foleni. Ratiba inayofika shuleni saa 2:00 usiku inamhimiza dereva aliyechoka kukimbiza gari gizani.

Kuhusu neno "hiari", si la adabu tu. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ulioanza kutekelezwa Januari 2016, uliondoa ada na michango ya lazima katika shule za serikali. Katika shule hizo, mchango wa ziara hujadiliwa kwanza na kamati ya shule na wazazi, na mtoto hafukuzwi wala kuaibishwa kwa kutotoa. Barua inayosema "asiyelipa asije shule siku hiyo" inaonesha kwamba hatua hiyo imerukwa.

Sasa tufike chini ya mstari wa kukatia.

Kipande kizuri kina miraba miwili, "Nakubali" na "Sikubali". Barua nyingi zina wa kwanza tu, na asiyekubali hukaa kimya. Kisha mwalimu hawezi kujua kama mzazi amekataa, au barua imebaki chini ya begi na mabaki ya maandazi. Ndiyo maana tunaomba kipande kirudi hata kwa anayekataa.

Chini ya miraba kuna namba mbili za simu za watu wawili tofauti, kwani moja inaweza kuwa imezimwa. Kuna jina la atakayempokea mtoto jioni. Halafu kuna sehemu ya afya, na hapa namna ya kuuliza ndiyo inayoamua jibu. Ukiandika "Je, mwanao ana tatizo lolote la kiafya?", vipande hamsini vitarudi na neno moja: "Hana." Mzazi anaogopa mtoto ataachwa, au anadhani kisichomlaza mtoto hospitali si tatizo. Taja kimoja kimoja: pumu, kifafa, selimundu, mzio wa chakula au wa kuumwa na nyuki, kutapika garini. Acha nafasi ya dawa anayotumia na saa ya kuimeza. Ongeza sentensi hii: "Habari hizi hazitamzuia mwanao kwenda, zitatusaidia kumtunza."

Tazama tofauti yake. Mtoto mwenye selimundu akikosa maji na kuchoka juani anaweza kupata maumivu makali. Mwalimu anayejua humpa maji kila mara, humkalisha kivulini wakati wenzake wanapima kuta, na huwa ameshajua kituo cha afya kilicho karibu. Asiyejua atadhani mtoto ni mvivu, na atamwambia akaze mwendo.

Saini ni ya mwisho, nayo ichunguzwe. Watoto wa Darasa la Tano wanajua kuiga mwandiko. Saini ikionekana ngeni, piga simu. Kama mlezi ni bibi asiyesoma, msomee barua kwa simu, mwandikie majibu yake, naye aweke dole gumba siku atakapofika shuleni. Tena saini hiyo haiwavui walimu wajibu. Kuna barua zinazomtaka mzazi akubali kwamba shule "haitahusika na lolote litakalotokea." Maneno hayo hayafuti uzembe, dereva akiwa amelewa au mtoto akisahauliwa Kaole, kipande cha karatasi hakitamkinga mtu.

Kusahauliwa si mzaha, hasa kwa magari mawili. Mtoto aliyekuja na Kosta ya kwanza anahamia ya pili akae na rafiki yake. Mwalimu wa kwanza anadhani yuko kule, wa pili hana jina lake kwenye orodha. Dawa yake ni kila mtoto kurudi na gari alilokuja nalo, na kuitwa kwa jina, asihesabiwe kwa kichwa tu. Kiongozi wa msafara ndiye husema injini iwashwe, baada ya kupata neno la wasimamizi wote watano. Nakala ya orodha hubaki shuleni kwa mtu anayepokea simu.

Jioni magari yanaporudi, kiongozi hashuki na kwenda zake. Husimama getini na vile vipande 50 mkononi, anasoma jina la aliyeandikwa kumpokea mtoto, anamtazama aliyekuja, kisha anaweka alama. Akifika mjomba ambaye hakuandikwa, anapiga simu kwanza. Vipande hukaa mkononi mwake mpaka mtoto wa mwisho apate mtu wake. Jumatatu hubandika ubaoni hesabu ya matumizi, pamoja na ile akiba ya 70,000: imetumika kwa nini, au inarudi kwa nani.