Kuandika Programu Bila Kompyuta: Mwanafunzi Awapo Roboti

Katika somo hili wanafunzi huandika maelekezo ya hatua kwa hatua, na mwenzao huyafuata kama roboti. Kinachohitajika ni chaki, karatasi na sakafu. Kwa kipindi cha dakika 40, mwalimu huchora mapema miraba 16, minne kwa minne, kila mmoja ukimtosha mtoto kusimama.

Kazi ya kwanza ni kuchagua amri. Nne zinatosha: MBELE, yaani kuingia mraba unaofuata, KULIA na KUSHOTO, yaani kugeuka robo mzunguko papo hapo bila kuhama, na OKOTA. Maana ya kila amri huonyeshwa kwa vitendo kabla ya kuandika, kwani watoto wengi huchukulia kwamba “kulia” ni kugeuka na kusogea kwa pamoja.

Kila kundi huwa na watatu: mwandishi, msomaji na roboti. Mwandishi hunyamaza programu inaposomwa, ili asirekebishe kwa mdomo alichokosea kwenye karatasi. Roboti naye hafuati ila kilichosomwa, hata akiona kitu kilipo.

Tuseme roboti anasimama kwenye kona ya nyuma kushoto, ameelekea ubaoni. Kiti kimeziba mraba wa pili mbele yake. Kitabu kiko safu ya tatu kutoka kushoto, kwenye mraba ulio karibu kabisa na ubao. Programu sahihi ni hii:

```
1 MBELE
2 KULIA
3 MBELE
4 MBELE
5 KUSHOTO
6 MBELE
7 MBELE
8 OKOTA
```

Kosa la kawaida hutokea mstari wa 5. Mwandishi aliyekaa upande wa kulia wa miraba anatazamana na roboti, hivyo kushoto kwa roboti ni kulia kwake, naye huandika KULIA. Roboti anageukia nyuma ya darasa, anasogea mraba mmoja, na kwenye mstari wa 7 anatoka nje ya mchoro. Mara nyingi kundi hukimbilia kubadili mstari huo wa 7, kwa kuwa ndipo mambo yalipoharibika machoni pao.

Hapa ndipo mwalimu atenge muda mrefu zaidi, walau dakika 15. Asitaje kosa. Roboti arudi mwanzo, na baada ya kila mstari msomaji asimamishe usomaji amuulize mwandishi: roboti yuko wapi, na anaelekea wapi? Mstari ambao jibu la mwandishi linatofautiana na alivyosimama roboti ndio wenye kosa. Hurekebishwa huo peke yake, kisha programu yote husomwa upya, kwa sababu badiliko moja huhamisha hatua zote zinazofuata.

Kundi likimaliza mapema, lipewe amri ya RUDIA, na mistari ya 3 na 4 iandikwe: RUDIA MARA 2: MBELE.

Mwishoni makundi hubadilishana karatasi. Programu imekamilika pale roboti wa kundi jingine anapofika kwenye kitabu bila mwandishi kufafanua neno.