Kiungo Ndani ya Barua Pepe: Kinachokaguliwa ni Jina

Miongoni mwa wapiga video, wachoraji na wasanifu wanaotafuta kazi kwa kuwaandikia wateja wasiowafahamu, imeenea imani kwamba barua pepe yenye kiungo cha video hutupwa kwenye folda ya Spam kwa sababu ya video yenyewe, na kwa hofu hiyo wengi huandika barua kavu zisizoonyesha kazi yoyote. Imani hiyo haina msingi. Kichujio, yaani programu ya seva inayoamua barua ipi iingie kikashani na ipi itupwe, hakina habari kama picha ni nzuri au mbaya. Katika kiungo, jambo linalokishughulisha zaidi ni jina la kikoa, ambalo ni ile sehemu ya anwani ya tovuti inayofuata https:// na kukomea kwenye mkwaju wa kwanza, na swali lake ni nani wengine wamekwisha kulitumia jina hilo na kwa shughuli gani.

Namna swali hilo linavyoulizwa ni ya ajabu kidogo na inastahili kuelezwa kwa utulivu. Mfumo wa majina ya vikoa, uitwao DNS, uliundwa ili kugeuza majina ya tovuti kuwa namba ambazo kompyuta huzitumia kutafutana, lakini wapinzani wa barua taka waliugeuza kuwa daftari la watuhumiwa: SURBL ilianza kuorodhesha vikoa vinavyoonekana ndani ya barua taka mwaka 2004, na shirika la Spamhaus likafuata na orodha yake, DBL, mwaka 2010. Kichujio hunyofoa kila jina la kikoa lililomo ndani ya barua, hulitanguliza mbele ya jina la orodha, kisha huuliza DNS kana kwamba kinatafuta tovuti ya kawaida. Spamhaus wameweka jina la majaribio ambalo daima huonekana kuwa na hatia, hivyo mtu anaweza kushuhudia jambo hilo mwenyewe:

```
dig +short dbltest.com.dbl.spamhaus.org
127.0.1.2
```

Jibu hilo linafanana na anwani ya kompyuta, lakini kwa hakika ni hukumu: 127.0.1.2 maana yake ni kikoa cha barua taka, ilhali 127.0.1.103 ni kikoa kinachowapeleka watu kwingine na ambacho watuma taka wamekitumia vibaya. Kikoa kisichoorodheshwa hakileti jibu lolote. Wanaojaribu kwa mara ya kwanza hutishwa na jibu 127.255.255.254, wakadhani jina lao limechafuka, kumbe Spamhaus wanakataa tu maswali yanayopitia seva za DNS za umma kama 8.8.8.8.

Kutokana na utaratibu huo mtu huelewa kwa nini anwani zilizofupishwa zina madhara. Anayefupisha kiungo cha video yake ili kipendeze huwa ameacha jina lake na kupanga chumba katika nyumba yenye wapangaji asiowajua, na mpangaji mmoja akifanya uhalifu, hatia hubandikwa kwenye mlango mkuu. Hali ni hiyohiyo kwa programu za kutuma barua nyingi, ambazo hubadilisha kila kiungo kisirisiri ili kuhesabu wanaobofya:

```
<a href="https://track.example.net/c/8f3a">www.example.com/diani</a>
```

Hapa msomaji anaona jina moja na kivinjari chake kinapelekwa kwenye jingine, mbinu ileile ya matapeli wanaoiga tovuti za benki, na ndiyo maana vichujio huihesabu kuwa dalili mbaya. Isitoshe, hesabu zenyewe hazitegemeki, kwa kuwa makampuni mengi hulinda barua zao kwa mifumo ambayo huvifungua viungo yenyewe ili kuvikagua kabla mtu hajavigusa. Mtumaji huonyeshwa kuwa kiungo kimebofywa sekunde chache baada ya barua kufika, humpigia simu meneja aliyemwandikia akimshukuru kwa kutazama, na meneja hajui anachozungumziwa. Kwa barua chache zinazoandikwa moja moja, kipimo hicho kingezimwa bila hasara yoyote.

Na tuchukue mpiga video wa Mombasa anayetaka kuiandikia hoteli ya Diani. Njia iliyo salama ni awe na kikoa chake, mathalani chini ya .co.ke, ambacho kinatumika pande zote mbili: anwani ya mtumaji iko kwenye kikoa hicho, na kiungo kinaelekea ukurasa wa kikoa hichohicho, ambamo video iliyohifadhiwa YouTube imepachikwa. SPF na DKIM, ambazo ni rekodi za DNS zinazothibitisha kuwa barua imetoka kwa seva iliyoruhusiwa na haikubadilishwa njiani, pamoja na DMARC inayozifungamanisha na anwani ya mtumaji, ziwekwe kabla ya barua ya kwanza, na uthibitisho wake huonekana Gmail kwa kuchagua "Show original" na kusoma neno PASS katika kila mstari. Kikoa kilichonunuliwa asubuhi kisitumike jioni, maana zipo orodha zinazoshuku jina lolote lililoanza kuonekana ndani ya saa 24 zilizopita, na vichujio vingine hushuku kwa muda mrefu zaidi.

Kuhusu kutoonekana mwenye majivuno, mahali pa kiungo ni muhimu kuliko sifa zinazokizunguka. Sentensi za kwanza ziihusu hoteli, kwa mfano kwamba ukurasa wake wa vyumba hauna hata picha moja ya machweo, na kiungo kifuate kikiwa kimetajwa kwa anachokwenda kukutana nacho msomaji: "Hii ni video ya sekunde 48 ya hoteli ndogo ya Watamu, haihitaji sauti." Urefu huo humwondolea wasiwasi wa bando, na ile "haihitaji sauti" humruhusu kutazama akiwa mapokezi. Kiungo kiwe kimoja. Viungo vitano, picha kubwa yenye alama ya kuchezesha, na maneno kama "kazi yangu iliyosifiwa" humfanya mpokeaji ajione amealikwa kupiga makofi. Iwapo kilicho bora kinaanza katikati ya video ndefu, anwani ya YouTube ikiongezewa t=42 humfikisha moja kwa moja sekunde ya 42, ambayo ni adabu ndogo isiyotumiwa vya kutosha.

Inasikitisha kwamba ofisi nyingi bado hudai sampuli za kazi ziambatishwe. Usimbaji wa barua pepe hugeuza kila baiti 3 kuwa herufi 4, hivyo faili la MB 20 husafiri likiwa na takriban MB 27 na kukataliwa na seva yenye kikomo cha MB 25, baada ya mtumaji kuwa amekwisha kuliunguzia bando. Wanaokimbilia Google Drive nao husahau kubadilisha ruhusa, na mteja anakutana na ukurasa wa kuomba kibali. Kukifungua kiungo kwanza katika dirisha la faragha la kivinjari kungelibaini kosa hilo mara moja.

Ukurasa huo mmoja ukishasimama, hutumika pia katika sahihi ya barua, WhatsApp, msimbo wa QR kwenye kadi ya biashara, maombi ya zabuni, wasifu wa Instagram na ankara.