Kumbukumbu ya pamoja au ujumbe: unalipia nini hasa?

Chukua programu mbili kwenye mashine moja ya Linux: moja inasoma picha kutoka kwenye kamera, nyingine inazionyesha kwenye kioo. Kila moja ni mchakato unaojitegemea, na kiini cha mfumo hakiruhusu mmoja kuchungulia kumbukumbu ya mwenzake. Picha lazima ivuke. Unaweza kuituma kama ujumbe kupitia paipu au soketi, au kuiweka kwenye kumbukumbu ambayo michakato yote miwili imeifungua.

Ukituma ujumbe, unalipia kunakili. Picha ya nukta 1920 kwa 1080, kila nukta ikichukua baiti 4, ina baiti 8,294,400. Picha 60 kwa sekunde ni karibu megabaiti 498. Kwenye paipu, data hiyo kwa kawaida hunakiliwa mara mbili: mtumaji anaiingiza kwenye kiini, mpokeaji anaitoa. Prosesa inahamisha karibu gigabaiti nzima kila sekunde kabla hujaanza hata kazi yenyewe. Tena paipu ya Linux kwa kawaida hubeba baiti 65,536 tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo picha moja huijaza zaidi ya mara 126, na kila inapojaa mtumaji husimama akimngoja msomaji.

Kumbukumbu ya pamoja, ile unayoifungua kwa `shm_open` na `mmap`, inafuta gharama hiyo. Anachoandika mmoja, mwenzake anakiona palepale. Lakini kiini kikishakaa pembeni, ulinzi wake nao umeondoka. Kwenye paipu, msomaji aliyewahi hulazwa mpaka data ifike. Huku hakuna wa kumlaza: akisoma kabla mwandishi hajamaliza, anapata juu picha mpya na chini picha ya zamani. Kwenye kioo utauona mpasuko huo kwa macho. Kwenye salio la akaunti hutauona, na hilo ndilo linalonitia hofu zaidi.

Kwa hiyo unaweka kufuli, na kufuli lina bei yake. Mchakato ukifa huku umelishika, mwenzake atangoja bila mwisho. Dalili yake ni programu iliyoganda huku prosesa ikiwa haina kazi, na `strace -p` ikionyesha imekwama kwenye `futex`. Kufuli la aina ya `PTHREAD_MUTEX_ROBUST` linasaidia: anayefuata hulipata pamoja na jibu la `EOWNERDEAD`, yaani mwenye kufuli amekufa. Ila data aliyoiacha nusunusu ni juu yako kuitengeneza.

PostgreSQL inaonyesha gharama hiyo inaweza kufika wapi. Kila mteja anayeunganishwa hupewa mchakato wake, na michakato hiyo hutumia kumbukumbu moja ya pamoja. Mmoja ukianguka vibaya, mchakato mkuu huifunga mingine yote na kuiandaa kumbukumbu upya, kwa sababu hauwezi kujua ni wapi palipoharibiwa. Wateja wasiohusika kabisa husoma hivi:

```
WARNING:  terminating connection because of crash of another server process
```

Ni ukali unaostahili. Hifadhidata inayoendelea kufanya kazi juu ya data ya mashaka ni mbaya kuliko iliyokatika kwa muda.

Kwa maombi madogo, amri na majibu ya kilobaiti chache, nachagua soketi bila kusita. Kunakili kiasi hicho ni kazi ndogo sana, na mchakato mmoja ukifa, mwingine unaarifiwa kwamba muunganisho umefungwa. Nisingehama kabla `perf top` haijanionyesha kwamba kunakili ndiko kunakokula muda.

Kwa picha, chaguo bora ni kuchanganya, kama Wayland inavyofanya. Programu huchora kwenye kumbukumbu ya pamoja, kisha hutuma kwa soketi ujumbe mfupi tu: picha iko tayari. Haigusi tena sehemu hiyo mpaka ijibiwe kwamba iko huru, na wakati huo huchora kwenye sehemu ya pili. Unalipia kumbukumbu maradufu, karibu megabaiti 17 kwa picha zetu, na kupokezana kwa ujumbe kunashika nafasi ya kufuli.

Hatari moja inabaki: mtumaji akilipunguza faili la kumbukumbu wakati unasoma, `SIGBUS` itakuangusha wewe. Faili likiwa limeundwa kwa `memfd_create` pamoja na `MFD_ALLOW_SEALING`, linaweza kupigwa muhuri:

```c
fcntl(fd, F_ADD_SEALS, F_SEAL_SHRINK | F_SEAL_SEAL);
```

Mpokeaji na ahakikishe kwa `F_GET_SEALS` kwamba muhuri upo kabla ya kusoma. Muhuri huu unazuia faili kupunguzwa tu. Yaliyomo bado yanaweza kubadilishwa. Kama humwamini mtumaji, nakili kwanza urefu na vichwa vya data kwako, ndipo uvikague, na utumie nakala hiyohiyo uliyoikagua.