Zamu Inapopita Saa Yake

Katika Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yaweka saa za kawaida kuwa zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa juma. Saa za ziada hufanywa kwa makubaliano tu, wala hazizidi 50 katika majuma manne. Na pamoja nazo, kazi ya siku moja isipite saa 12. Siku hizi waajiri wengi hutumia kompyuta kupima mipaka hiyo. Je, kompyuta hutambuaje kuwa zamu imepitiliza?

Tuchukue mfano wa mlinzi wa ghala katika Magomeni, Kilosa. Zamu yake huanza saa 8 mchana na kwisha saa 6 usiku, kwa siku tano. Tukiondoa saa moja ya mapumziko ya chakula, hubaki saa 9 za kazi. Usiku mmoja mwenzake alichelewa, naye akatoka saa 8:30 usiku.

Kompyuta hutoa saa ya mwisho wa zamu katika saa ya kutoka. Ikiwa inatazama saa pasipo tarehe, itaona 02:30 ni ndogo kuliko 24:00, na jibu litakuwa hasi. Basi haitapiga alama yoyote, na jasho la mtu litapotea. Kwa hiyo kila saa huandikwa pamoja na tarehe yake. Hapo jibu sahihi hupatikana: saa 2 na nusu za ziada.

Kazi yote ya siku hiyo ni saa 11 na nusu, haijafika 12. Waweza kudhani kuwa mambo yote ni sawa. Lakini sheria yataka pia saa 12 mfululizo za kupumzika kabla ya kurudi kazini. Toka saa 8:30 usiku hadi saa 8 mchana ni saa 11 na nusu tu. Hivyo mfumo unaopima urefu wa zamu peke yake hautaona kosa. Yapasa upime pia pengo baina ya zamu mbili, na kumtaka msimamizi aisogeze zamu inayofuata hadi saa 8:30 mchana.

Malipo nayo huhesabiwa hivi. Tuseme mshahara ni shilingi 390,000 kwa mwezi. Tukigawa kwa 195, yaani 45 mara 4.333, twapata shilingi 2,000 kwa saa. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, yaani 3,000. Kwa kuwa ni baina ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, huongezwa asilimia 5, ikawa 3,150. Kwa saa 2 na nusu ni shilingi 7,875.

Hata hivyo, alama ya kompyuta si hukumu. Mlinzi aliyesahau kuandikisha kutoka kwake ataonekana yu kazini mpaka asubuhi. Daftari la makabidhiano ya zamu ndilo litakaloonyesha ukweli.