Ukitaka kufunga akaunti, sema "nafunga"

Dada yangu alihama Tegeta kwenda Dodoma mwaka jana. Nyumbani alikuwa na intaneti ya faiba, ile ya kutumia kwanza na kulipa mwisho wa mwezi, shilingi 70,000. Alipiga simu huduma kwa wateja kuwaambia hatahitaji tena. Alizungumza na mhudumu mwenye sauti nzuri kwa dakika kumi na tano, wakaagana vizuri, na mwisho wa mwezi bili ikaja kama kawaida. Na uliofuata. Alipouliza akaambiwa kumbukumbu zinaonyesha mteja alisema atafikiria ofa ya punguzo.

Na kweli alisema hivyo. Alipopewa ofa alijibu, "Haya, nitafikiria." Kwetu sisi hilo ni jibu kamili la kukataa. Anayekualika shughuli usiyoweza kwenda humwambii "siji", unamwambia "Mungu akipenda", na naye anaelewa. Lakini kwenye simu ya kampuni kuna mtu anayeandika, na anachoandika ni maneno uliyotamka. "Nitafikiria", "tutaona", "ngoja nizungumze na mzee nyumbani": yote hayo yanaandikwa kwamba mteja bado yupo.

Kampuni nyingi zenye wateja wa mkataba zina watu ambao kazi yao ni kumzuia anayeondoka. Mwaka 2014 Mmarekani mmoja, Ryan Block, alipiga simu kampuni ya Comcast kuondoa huduma yake. Mhudumu alimng'ang'ania kwa maswali ya kwa nini anaondoka, na Block akarekodi kama dakika nane za mwisho za mazungumzo hayo. Rekodi ikasikilizwa na mamilioni ya watu, na Comcast ikaomba radhi. Baadaye kiongozi wa juu wa kampuni hiyo aliwaandikia wafanyakazi wake kwamba mengi aliyofanya mhudumu yule ndiyo waliyomfundisha na kumlipa ayafanye. Mhudumu si adui yako. Yupo kazini, na swali la "kwa nini" limo ndani ya kazi yake.

Kwa hiyo mara ya pili tulikaa na dada tukaandika maneno kwenye karatasi kabla ya kupiga. Pembeni tuliweka namba ya akaunti, namba ya simu iliyosajiliwa, bili ya mwisho na mkataba wenyewe, uliotaka taarifa ya siku 30. Sentensi ya kwanza ilikuwa hii:

"Habari za saa hizi, kaka. Naitwa fulani, akaunti yangu ni namba fulani. Nafunga akaunti hii moja kwa moja. Leo ni tarehe 3 Juni, natoa taarifa ya siku 30, kwa hiyo huduma iishe tarehe 3 Julai."

Neno "nafunga" tulilichagua kwa makusudi. Ukisema "nasimamisha", unaweza kuwekewa mapumziko ya mwezi mmoja au miwili, kisha bili zinaanza tena zenyewe. Hata "kusitisha" mtu anaweza kulielewa kuwa ni kwa muda. "Kufunga akaunti moja kwa moja" halina mlango wa nyuma. Wala usiseme "nilikuwa naomba kama inawezekana". Mkataba unakuruhusu kuondoka kwa taarifa, na wewe unatoa taarifa.

Akakiulizwa sababu, alitoa moja tu: "Nimehama, huko niliko huduma yenu haifiki." Sababu iwe ya kweli, na iwe moja. Ukisema bei ni kubwa, utapunguziwa. Ukisema kasi ni ndogo, utaletewa fundi. Kila sababu unayoongeza ni kamba unayompa akuvutie. Kama hutaki kusema, sema, "Ni sababu zangu binafsi, kaka, naomba tuendelee na kufunga."

Kisha likaja lile linalowapoteza wengi: "Subiri nikuunganishe na kitengo kinachohusika." Hapo ndipo simu hukatika, au unapokelewa na mtu asiyejua lolote, ukaanza upya ukiwa umechoka. Kabla hajakuhamisha, mzuie kwa upole:

"Sawa, asante. Kabla hujaniunganisha, naomba jina lako, jina la kitengo unachonipeleka, na namba ya ombi langu. Naomba pia uandike kwenye akaunti kwamba leo nimetoa taarifa ya kufunga. Simu ikikatika, nipigiwe kwa namba hii."

Umuhimu wake ni kwamba ombi linakuwa limeandikwa na mtu wa kwanza, tarehe ya leo. Hata kitengo cha pili kisipopokea, una hoja ya kuzihesabu siku 30 kuanzia hapo. Akipokea wa pili, usimsimulie safari yote. Mwambie, "Nimetoka kwa mwenzako fulani, namba ya ombi ni hii. Nafunga akaunti moja kwa moja, mwisho tarehe 3 Julai."

Dada alihamishwa mara mbili. Wa tatu ndiye aliyekuwa na ofa: nusu bei kwa miezi mitatu, na hata kumhamishia mkataba mtu mwingine wa familia. Ofa za namna hii, uliza kila mara kama zinaanzisha mkataba mpya, maana ukikubali nusu bei unaweza kujikuta umefungwa mwaka mzima. Jibu lake lilikuwa limeandikwa, na alilisoma kama lilivyo:

"Nashukuru kwa ofa, kaka, najua unafanya kazi yako. Ombi langu ni lile lile, nafunga akaunti."

Akaeleza tena. Dada akarudia, maneno yale yale, sauti ile ile, bila kuongeza kitu. Kisha akanyamaza. Kunyamaza ni kugumu kwetu, tunaona kama ni ufidhuli, tunakimbilia kuujaza ukimya kwa maelezo. Lakini heshima ilikuwa imeshatolewa kwenye salamu, kwenye "kaka" na kwenye "nashukuru". Kitenzi ndicho kisichotakiwa kulegea. Mara ya tatu yule kijana alisema, "Sawa dada, nimekuelewa," na sauti yake haikuwa na kinyongo.

Usikate simu hapo. Dada aliomba atajiwe tarehe ya mwisho wa huduma, kiasi cha bili ya mwisho, ofisi ya kurudisha ruta, na ujumbe wa uthibitisho. "Naomba unitumie SMS sasa hivi, nisubiri niione ndipo tuagane." Ilichukua dakika nne, akasubiri. Ruta aliirudisha pamoja na waya wake wa umeme, akapewa risiti yenye namba ya kifaa. Wengine huona mkato ni kuzuia tu malipo benki. Malipo yazuie baada ya bili ya mwisho, lakini hilo peke yake halivunji mkataba, linakuachia deni.

Kampuni ikikataa kabisa, andika malalamiko kwao kwanza, utunze nakala. Wasipoyamaliza, kwa huduma za mawasiliano Tanzania unayapeleka TCRA, na zile namba za ombi, majina na tarehe ndizo utakazoambatisha.

Mwanzoni mwa Agosti bili ya Julai ilikuja, shilingi 70,000 kamili. Dada alipiga simu, akasoma namba ya ombi na SMS ya uthibitisho. Kabla hawajaagana ilikuwa imesahihishwa kuwa ya siku tatu.